Namba Moja, Maana Mbili: Kusahihisha Fomu ya Kusiliba kwa Picha ya Simu

Kamera ya simu haijui penseli wala karatasi. Inachopima ni mwanga ulioingia, na picha ikishaondolewa rangi, mwanga huo huandikwa kwa namba kuanzia 0, yaani weusi kabisa, hadi 255, yaani weupe kabisa. Tuchukue fomu ya majibu ya maswali 40 iliyopigwa picha juu ya dawati karibu na dirisha. Upande wa dirishani karatasi tupu inasoma 225. Upande wa pili, ambako bega la mpiga picha limezuia mwanga, karatasi tupu inasoma 150. Mtoto mwenye mkono mwepesi amesiliba jibu lake upande wa dirishani, na alama yake inasoma 195.

Kwa namba hizo, alama ya penseli ni nyeupe kuliko karatasi ambayo haijaguswa. Programu ikiambiwa kwamba chochote kilicho chini ya 160 kihesabiwe kuwa penseli, itamnyima mtoto jibu lake la dirishani, kisha upande wa kivuli itaona kila herufi imesilibwa.

Mitihani ya taifa haikumbani na tatizo hili kwa ukali huo. Tanzania ilianza kutumia fomu za OMR katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwaka 2012, na watahiniwa wa Kenya walijibu maswali ya kuchagua ya KCPE kwa penseli mpaka mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Fomu za namna hiyo husomwa kwa mashine inayovuta karatasi ikiwa imenyooka, kwa mwanga wake yenyewe usiobadilika. Mashine ya kwanza iliyotamba katika kazi hii, IBM 805 ya mwaka 1938, haikuwa na jicho hata kidogo. Mbunifu wake, Reynold B. Johnson, alikuwa mwalimu wa sekondari katika jimbo la Michigan nchini Marekani, na alitegemea ukweli kwamba grafiti ya penseli hupitisha umeme ilhali karatasi haipitishi. Aliyesiliba kwa unyonge aliponzwa na mashine hiyo pia, kwani mkondo wa umeme ulikuwa dhaifu mno kupimika.

Mwalimu anayesahihisha mtihani wa majaribio wa darasa lake hana mashine. Ana simu, na fomu zenyewe zimetolewa fotokopi. Picha yake ina kasoro mbili kwa pamoja: imepigwa kwa kuinama pembeni, na penseli ni hafifu. Ya kwanza ndiyo hutangulia kutatuliwa, kwa sababu hakuna faida ya kupima weusi wa kiduara ambacho hakijulikani kipo wapi.

Kamera ikiwa imeinama, ukingo wa karatasi ulio karibu na mpiga picha huonekana mpana na ule wa mbali huonekana mwembamba. Hilo kila mtu hulitambua kwa macho. Lisilotambulika upesi ni kwamba mistari ya maswali nayo husongamana kadiri inavyokwenda mbali. Tuseme ukingo wa chini, ulio karibu, una upana wa pikseli 2,400 kwenye picha, na ukingo wa juu una pikseli 1,600. Hesabu ya jometri inaonyesha kwamba katikati halisi ya karatasi hiyo haiko katikati ya picha yake. Iko asilimia 40 tu ya urefu ukipima kutoka juu, kwa sababu nusu ya mbali imebanwa na nusu ya karibu imetanuka.

Sasa fomu ina mistari 40 iliyopangwa safu moja kutoka juu hadi chini. Programu inayogawanya urefu wa picha katika sehemu 40 zilizo sawa itakwenda kutafuta swali la 20 katikati ya picha, na pale itakuta swali la 24. Swali la kwanza na la mwisho yatakuwa mahali pake, kwa hiyo anayekagua juu na chini ya fomu ataridhika. Watoto watapoteza alama kwenye maswali ya katikati, na hakuna kitu kitakachopiga kelele.

Dawa yake ni kuinyosha picha kabla ya kuigusa kwa hesabu nyingine yoyote. Fomu nzuri huwa na miraba minne myeusi iliyochapwa kwenye pembe zake. Programu ikiipata miraba hiyo kwenye picha, na ikijua mahali inapopaswa kuwa kwenye karatasi halisi, ina jozi nne za nukta. Kila nukta hutoa namba mbili, jumla namba nane, na hizo ndizo zinazotosha kukokotoa namna kila nukta ya picha iliyoinama inavyorudi mahali pake kwenye karatasi iliyolala sawasawa. Ukingo wa karatasi wenyewe haufai sana kwa kazi hii. Karatasi nyeupe juu ya meza nyeupe haina ukingo wa kuaminika, na fotokopi mara nyingi husogeza maandishi milimita kadhaa kutoka ukingoni. Miraba iliyochapwa husogea pamoja na viduara.

Pembe moja kati ya hizo nne inatakiwa itofautiane na nyingine, ama kwa ukubwa ama kwa umbo. Bila hivyo, fomu iliyopigwa picha kichwa chini husomwa bila taabu yoyote: herufi A ya swali la kwanza inachukuliwa kuwa E ya swali la 40, na mtoto hodari wa darasa anatoka na alama saba.

Kwa anayetumia maktaba huria ya OpenCV, kazi ya kunyosha na kusawazisha mwanga inaingia katika mistari hii minne:

```python
M = cv2.getPerspectiveTransform(pembe, lengo)
wima = cv2.warpPerspective(picha, M, (1050, 1485))
mwanga = cv2.medianBlur(cv2.dilate(wima, np.ones((15, 15), np.uint8)), 101)
uwiano = wima / mwanga
```

Mistari miwili ya kwanza inanyosha. Vipimo 1050 na 1485 vimechaguliwa ili karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, ipate pikseli tano kwa kila milimita. Kiduara cha milimita tano kinakuwa na upana wa pikseli 25, nao unatosha.

Kuna jambo ambalo hesabu hii ya pembe nne haiwezi kulifanya. Inaamini kwamba karatasi ni bapa kama kioo. Fomu iliyokunjwa mara mbili ikakaa mfukoni, au iliyonyonya unyevu wa masika, huinuka katikati. Mtu anayepiga picha kutoka juu kabisa haathiriki sana, maana uvimbe unaelekea kwenye kamera. Lakini kamera ikiinama nyuzi 45, kila milimita ambayo karatasi imeinuka husogeza viduara kwa karibu milimita moja kwenye picha iliyonyoshwa. Uvimbe wa milimita tano, ambao mkononi hauonekani kuwa kitu, unahamisha jibu kwa upana wa kiduara kizima. Huu ndio ubaya mkubwa wa picha ya pembeni. Kuinama kwenyewe hurekebishika, ila kunayakuza makunyanzi yasiyorekebishika kwa pembe nne.

Programu makini hupambana kwa kutafuta duara lililochapwa karibu na mahali linapotarajiwa, kisha kusogea mpaka hapo. Mipaka yapasa iwekwe. Kama umbali kati ya mstari mmoja na mwingine ni milimita saba na viduara vimehama milimita tano, duara lililo karibu zaidi ni la swali jingine. Hivyo programu hulinganisha mwendo wa mstari na wa jirani zake: karatasi haiwezi kuinuka ghafla katika swali la 18 na kulala katika la 19. Fomu zenye vialama vyeusi pembeni mwa kila mstari huondoa shaka hiyo, na mwenye kuchora fomu yake mwenyewe asivionee uvivu.

Picha ikishanyoka, turudi kwenye zile namba za mwanzo. Mstari wa tatu wa programu unakadiria mwanga wa karatasi tupu kila mahali: unachukua sehemu zilizo nyeupe zaidi katika ujirani mdogo, kisha unalainisha katika eneo la pikseli 101, yaani kama sentimita mbili. Mstari wa nne unagawanya picha kwa mwanga huo. Upande wa dirishani, 195 kugawanya kwa 225 ni 0.87. Upande wa kivuli, alama ya mtoto yuleyule yenye uzito uleule inasoma 130, na 130 kugawanya kwa 150 ni 0.87 vilevile. Karatasi tupu inakuwa 1 kila upande. Kivuli cha bega kimetoka kwenye hesabu.

Eneo hilo la kulainisha likiwa dogo kuliko kiduara, linatokea kosa ambalo wengi huhangaika nalo bila kujua chanzo. Programu inakiona kiduara kilichosilibwa kuwa ndio mazingira yenyewe, inajilinganisha nacho, na jibu linatoweka katikati likabaki pete tu. Mtu akiona kwamba kadiri mtoto anavyosiliba kwa ukamilifu ndivyo anavyohesabiwa kuwa hakujibu, mahali pa kutazama kwanza ni ukubwa wa eneo hilo.

Njia maarufu ya Nobuyuki Otsu ya mwaka 1979, inayoigawa picha yenyewe katika makundi mawili ya weusi na weupe, nayo huwaangusha watu hapa. Katika fomu yenye wino mweusi wa fotokopi na penseli hafifu, makundi mawili yaliyo dhahiri ni wino na karatasi. Penseli huangukia kundi la karatasi. Njia haikukosea chochote. Imeulizwa swali ambalo silo.

Ndani ya kila kiduara kuna herufi iliyochapwa, na herufi ina wino. B ina wino mwingi kuliko C. Kwa hiyo viduara vitupu havilingani hata mwanga ukiwa mmoja, na kwa penseli hafifu tofauti hiyo ndogo inatosha kupotosha. Wachapishaji wakubwa hukwepa jambo hili kwa kuchapa fomu kwa rangi nyekundu au ya waridi. Picha ya rangi ina tabaka tatu, za nyekundu, kijani na buluu. Katika tabaka la nyekundu wino huo karibu unapotea, na penseli inabaki. Mwenye fomu za namna hiyo achukue tabaka la nyekundu peke yake, atakuwa amemaliza nusu ya kazi.

Kwa fotokopi nyeusi, fomu yenyewe inaweza kutoa kipimo. Maswali 40 yenye herufi tano yana viduara 200, na mtoto amesiliba takriban 40 tu. Kati ya viduara 40 vya herufi B, vingi ni vitupu. Ukivipanga kuanzia cheusi hadi cheupe na kuchukua cha katikati, unapata B tupu ilivyo kwenye karatasi hiyo, kwa wino wa fotokopi hiyo, bila kuhitaji fomu ya mfano.

Tuone fomu moja. Wastani wa mwanga ndani ya viduara, baada ya kugawanya na kuzidisha kwa 100, umetoa viwango hivi vya utupu: A 94, B 91, C 95, D 93, E 92. Kipimo kinachukuliwa sehemu ya ndani tu ili mstari wa duara usihesabiwe. Katika swali la 31 yamesomwa 92, 88, 95, 86 na 92. Ukitazama namba hizo zilivyo, B na D zinakaribiana, 88 kwa 86, na mtu angesema mtoto amesiliba mara mbili au hakusiliba. Toa kila moja kwenye kiwango cha herufi yake: A imeongeza weusi wa 2, B 3, C 0, D 7 na E 0. Jibu ni D.

Saba kati ya mia ni kidogo sana, na kuna sababu ya kuiamini. Pikseli moja ya picha ya simu hurukaruka yenyewe, hasa penye mwanga mdogo, na isingeaminika. Sehemu ya ndani ya kiduara ina pikseli zipatazo 250, na wastani wa 250 hutulia. Katika fomu hii viduara vitupu havikupotoka zaidi ya 3 kutoka kiwango chake. Mpaka ukiwekwa kwenye 4 au 5, saba inapita bila kubishaniwa.

Ni saba ya mtoto huyu, hata hivyo. Alama zake nyingi ziko kati ya 6 na 10. Ndivyo anavyoshika penseli, au penseli yake ni ngumu. Fomu inayofuata ni ya mtoto anayekandamiza, alama zake ni 30 hadi 38, na katika swali la 12 herufi A ina 7 na herufi C ina 34. Saba ile ni mabaki ya raba. Alisiliba A, akaifuta, akahamia C. Mpaka uliowekwa kwa ajili ya mtoto wa kwanza ungempa mtoto wa pili majibu mawili na kumnyang'anya alama. Mpaka wa mtoto wa pili, tuseme 20, ungempa wa kwanza sifuri ya maswali yote 40. Kwa hiyo mpaka haupangwi kwa darasa. Unapangwa kwa kila fomu, kwa kupanga weusi wa viduara 200 kwa mfuatano na kutafuta pengo kubwa kati ya vitupu na vilivyosilibwa.

Pengo hilo lisipoonekana, hakuna ujanja wa hesabu utakaolitengeneza. Katika fomu ya yule mwenye mkono mwepesi, swali la 36 lina A yenye 7 na D yenye 5. Huenda alifuta D. Huenda alifuta A kidogo akaanza kusiliba D, muda ukamwishia. Programu inayostahili kuaminiwa hukata kipande cha mstari huo na kumwonyesha mwalimu, picha ilivyokuwa na picha iliyokolezwa, kisha huandika kwamba jibu hili limeamuliwa na mtu. Inayolazimisha uamuzi ili itangaze kwamba imesahihisha yote haina haraka yenye faida kwa mtoto.

Penseli ina hila nyingine ambayo watu huilaumu kamera. Grafiti ni tabaka tabaka, na ikisuguliwa kwenye karatasi vipande vyake hulala na kung'aa. Dirisha likiwa mbele ya mpiga picha na kamera ikiwa imeinama, mwanga unagonga alama na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Alama iliyosilibwa kwa nguvu inaweza kukaribia weupe wa karatasi. Taa ya simu hufanya vivyo hivyo ikipigwa kutoka juu, na huharibu doa moja la katikati. Dalili yake ni kwamba majibu yanayokosekana yanakaa pamoja sehemu moja ya fomu, na ukiisogeza simu kidogo yanarudi huku mengine yakipotea. Dirisha likiwa ubavuni, taa ikizimwa, na simu ikiinuliwa juu zaidi ya karatasi, ng'aro hilo huondoka. Kukoleza picha kwa programu hakusaidii, maana pale hakuna weusi uliobaki wa kukolezwa.

Kuna pia safari ya picha yenyewe. Walimu wengi hutumiana fomu kwa WhatsApp, ambayo hupunguza ukubwa wa picha na kuibana. Mbano wa JPEG hufanya kazi kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8 na hutupa kwanza vipengele vidogo vidogo vya picha. Wino mweusi hupita salama. Tofauti ya saba kati ya mia inaweza kuathirika, zaidi kwenye ukingo wa mbali ambako kiduara kimebaki na pikseli chache. Picha ileile ikitumwa kama faili la hati hufika kamili.

Darasa zima likishasomwa, majibu yaliyoonekana matupu yanafaa kuchapwa kwenye jedwali moja, mistari ikiwa wanafunzi na safu zikiwa maswali. Matupu yakijipanga katika mstari wa mtoto mmoja, tatizo ni penseli yake au mpaka wa fomu yake. Yakijipanga katika swali moja kwa watoto wengi, fotokopi imefifia mahali hapo au swali lilikuwa gumu kweli. Yakiwa maswali ya 1 hadi 9 kwa watoto kumi waliofuatana kupigwa picha, basi kwa picha hizo simu ilikuwa imeinama mno, ukingo wa juu ukawa mbali, na fomu hizo kumi zinarudi dawatini kupigwa upya kabla matokeo hayajabandikwa.